Konokono wa Pemba na konokono wa Yangtze: uhakiki wa pili wa mswada wa kichocho kwa Kichina

Mswada wenyewe haukuwa mrefu. Ilikuwa makala ya kichocho cha mkojo kisiwani Pemba, iliyokwisha kuchapishwa kwa Kiingereza, ikitafsiriwa Kichina ili itoke katika jarida moja la magonjwa ya vimelea nchini China. Wasomaji waliokusudiwa walikuwa na sababu ya kuitaka. Kuanzia 2017 wataalamu kutoka taasisi ya magonjwa ya vimelea ya mkoa wa Jiangsu, iliyoko Wuxi, walifanya kazi ya kudhibiti kichocho Pemba, na tangu hapo Zanzibar imekuwa jina linalojulikana kwa watu wa fani hiyo. Mimi niliajiriwa kuratibu tafsiri: kumtafuta mfasiri, kuwatafuta wahakiki, kukusanya maoni, na kuhakikisha mwandishi anasaini kitu anachokielewa.

Mfasiri alikuwa mzuri. Mtaalamu wa kwanza wa fani naye alikuwa mzuri, mtu aliyefanya kazi ya kichocho miaka mingi katika nyanda za maziwa kandokando ya mto Yangtze. Tatizo lilizaliwa katika ubora wake huo huo, na ndiyo sababu tulihitaji mtaalamu wa pili.

Alirudisha faili lenye mabadiliko 38 yaliyoonekana kwa rangi. Kabla ya kulipokea nililifungua kwenye Word na kutumia amri ya kulinganisha hati, `比较`, toleo nililompelekea dhidi ya toleo alilorudisha. Yakajitokeza mabadiliko mengine 11 yasiyo na rangi. Hakukuwa na hila yoyote. Alizima ufuatiliaji wa mabadiliko, `修订`, ili asome ukurasa safi, akaendelea kurekebisha akiwa amesahau kuuwasha tena. Nasihi kila anayefanya kazi hii alinganishe faili lote kila linaporudi, hata likitoka kwa mtu anayemwamini kabisa, kwa sababu rangi huonyesha yale tu ambayo mashine ilikuwa imeagizwa kuyaona.

Katika yale 11 ndipo nilipoona sentensi moja iliyonishtua. Kiingereza kilisema konokono walitafutwa kwa kupekua maji kwa chekeche kwa muda uliopangwa katika kila eneo. Kichina sasa kilisema konokono walihesabiwa kwa fremu, 框, na msongamano ukatolewa kwa kila mita ya mraba 0.1. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa China, na mtaalamu wetu aliuandika bila kuwaza mara mbili. Lakini Pemba hakuna aliyeweka fremu. Tulikuwa na makala inayoeleza utafiti ambao haukufanyika.

Nilipotafuta zaidi nikakuta mzizi wake mahali pengine. Mfasiri alikuwa ameandika 钉螺, yasomwa dingluo, karibu kila mahali Kiingereza kiliposema konokono. Katika Kichina cha fani hii neno hilo si konokono yeyote. Ni Oncomelania, anayebeba kichocho cha Asia Mashariki. Konokono huyo huishi nusu majini nusu nchi kavu, kwenye matope na majani ya kingo za mito, na ana kifuniko cha kuzibia mdomo wa gamba lake. Ndiyo maana fremu humfaa: unaiweka chini ukingoni na kuhesabu. Wa Pemba ni Bulinus, kwa Kichina 水泡螺, shuipaoluo. Huyo huishi majini, hana kifuniko, na gamba lake limejipinda kuelekea kushoto. Mtaalamu wa kwanza alisoma 钉螺, akamwona konokono wake wa nyumbani, akarekebisha mbinu ili imfae konokono huyo. Kosa la neno moja la mfasiri lilizaa kosa la mbinu la mtaalamu, na kila mmoja alikuwa na haki kwa kile alichokiona mbele yake.

Hapo nilimpigia simu mwandishi mkuu, daktari mtu mzima wa Unguja.

"Shikamoo Daktari. Tumepata jambo kwenye Kichina, na nahitaji siku kumi na tano zaidi na mtu mwingine wa kuusoma mswada."

"Marahaba. Mtu mwingine wa nini tena, na yule alikuwa bingwa?"

"Bingwa wa konokono mwingine, Daktari."

Akanyamaza kidogo. "Haya, mtafute anayemjua wa kwetu."

Kumtafuta huyo si rahisi kama inavyosikika. Watu wanaosoma na kuandika Kichina cha kisayansi ni wengi, na wanaojua kichocho ni wengi pia, lakini waliowahi kumshika Bulinus mkononi ni duara dogo. Katika duara dogo kila mtu ni rafiki wa mtu. Niliweka masharti matatu: asiwe mwandishi mwenza wa makala wala wa makala za karibuni za waandishi wetu, asitoke taasisi moja na mtaalamu wa kwanza, na jarida lenyewe lisije likampa mswada huo huo aukadirie. Hili la tatu watu wengi hulisahau. Nilimwandikia mhariri wa jarida mapema kwamba tunaajiri mhakiki wa tafsiri, nikampa jina, na kuomba asiwekwe kwenye orodha yao ya makala hii. Alikubali kwa mstari mmoja wa barua pepe, na mstari huo niliuhifadhi.

Tulimpata mtu aliyefanya kazi ya uwandani Afrika Mashariki. Nilimwita "laoshi", yaani mwalimu, kama ilivyo adabu ya Kichina kwa mtu wa elimu, na barua ya kwanza ilitaja malipo, muda na mipaka ya kazi kabla ya kutaja mswada. Alisaini hati ya usiri. Tulikubaliana siku kumi za kazi, tukazihesabu ziishe kabla ya Oktoba mosi, kwa kuwa wiki ya kwanza ya Oktoba China iko kwenye sikukuu ya taifa na barua huenda bila kurudi.

Swali lililonichukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa: nimpe faili gani? Nikimpa lenye maoni ya mtaalamu wa kwanza, atageuka mwamuzi kati ya watu wawili badala ya kuwa msomaji, atasoma yaliyowekwa rangi na kuyapita yasiyo na rangi. Nikimpa toleo la mfasiri la mwanzo, nusu ya muda wake itaenda kwenye makosa ambayo yameshaondolewa. Niliamua kumpa toleo la tatu, yaani baada ya mtaalamu wa kwanza, likiwa safi na bila maoni hata moja, na nikaacha kwa makusudi ile sentensi ya fremu na yale maneno ya dingluo kama yalivyokuwa. Sikumwambia. Nilitaka kujua kama ataziona, kwa sababu kama asingeziona zile ninazozijua, ningekuwa na mashaka na zile nisizozijua.

Kazi yake niliigawa mara mbili. Kwanza asome Kichina peke yake, kama msomaji wa jarida, aandike kila kinachomshangaza. Baada ya kunitumia maoni hayo ndipo nilimpelekea Kiingereza alinganishe sentensi kwa sentensi. Kiwango cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinatenganisha usomaji wa aina hizi mbili, ule wa kulinganisha na asilia na ule wa kusoma lugha lengwa peke yake kwa jicho la fani. Nimejifunza kwa vitendo kwamba utaratibu una maana. Anayesoma Kiingereza kwanza hushawishika kuelewa Kichina kibovu, kwa kuwa tayari anajua kinachotakiwa kusemwa.

Usomaji wa kwanza ulinasa fremu siku ya pili. Aliandika: "Bulinus kwa fremu? Tafadhali thibitisha na waandishi." Nikapumua.

Usomaji wa pili ulinasa jambo nisilolijua. Kiingereza kilitumia katika sehemu mbili neno la wagonjwa wapya katika kipindi fulani, ilhali utafiti ulipima watoto mara moja tu, siku moja, ukahesabu wangapi wana mayai kwenye mkojo. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kusema nani kaambukizwa lini. Unasema tu wangapi wanao ugonjwa sasa. Kichina kina maneno mawili yaliyo wazi: 发病率 ni kiwango cha wanaougua upya, 患病率 ni kiwango cha walio nao. Mfasiri aliandika 发病率 kwa uaminifu, kwa sababu ndivyo asilia ilivyosema. Mtaalamu wa kwanza, katika yale mabadiliko yasiyo na rangi, alibadilisha kuwa 患病率. Kisayansi alikuwa sahihi. Lakini sasa Kichina kilisema ukweli na Kiingereza kilichochapishwa kilisema kosa, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyejua kwamba makala zake mbili zinapingana.

Kwa makala inayotoka mara ya pili kwa lugha nyingine, hili ni jambo zito. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, huruhusu uchapishaji wa namna hiyo ikiwa wahariri wa majarida yote mawili wameridhia, wasomaji wanaambiwa kwamba makala ilikwisha kutoka kwingine, na toleo la pili linafuata kwa uaminifu data na tafsiri ya matokeo ya lile la kwanza. Mfasiri hana ruhusa ya kurekebisha kimyakimya, hata akiwa sahihi, na mtaalamu wa fani vilevile hana.

Hapa ndipo jedwali la maoni lilipoonyesha kazi yake. Nilikuwa nimelitengeneza kwenye Excel kabla ya kumpelekea mtaalamu wa pili chochote, na kila maoni yalipata mstari wake. Mahali pa sentensi sikutumia namba ya ukurasa, kwa kuwa kurasa husogea faili likifunguliwa kwenye WPS, programu ambayo watu wengi China huitumia badala ya Word. Nilitumia sehemu ya makala, aya na sentensi. Maneno ya mtaalamu yaliwekwa kwa Kichina kama alivyoyaandika, bila kufupishwa. Mstari mmoja ulikuwa hivi:

```
Na: 07 | Mahali: Mbinu, aya 3, sent. 2 | Daraja: A
Maoni: 水泡螺不用框法调查,请与作者核实。
Uamuzi: kubali | Mwamuzi: mwandishi mkuu
Toleo lililorekebishwa: v4
```

Daraja A lilikuwa kinachobadilisha maana ya kisayansi. B lilikuwa istilahi zisizobadilisha maana, C mtindo, na D makosa yaliyomo kwenye asilia yenyewe. Kila daraja lilikuwa na mwenye kauli ya mwisho, na hili tulilikubaliana kwa maandishi kabla ya maoni ya kwanza kuingia: A na D ni mwandishi mkuu, B ni mtaalamu wa pili pamoja na mfasiri, C ni mfasiri peke yake. Bila mpaka huo kila koma huwa ugomvi. Maoni ya mtaalamu wa pili yalikuwa 24: matano ya A, manane ya B, tisa ya C, na mawili ya D.

Mambo madogo ndiyo yaliyokaribia kuniangusha. Kompyuta ya mtaalamu wa kwanza na ya mfasiri zote zilikuwa zimesajiliwa kwa jina `Administrator`, hivyo maoni ya watu wawili yalionekana kama ya mtu mmoja anayejibishana na nafsi yake. Kuanzia hapo niliomba kila maoni yaanze na herufi za mwandishi wake, ZJ2 kwa mtaalamu wa pili, FY kwa mfasiri. Jedwali la Google nililolifungua mwanzoni halikumfikia mtaalamu, kwa kuwa huduma hizo zimefungwa China bara, tukarudi kwenye faili la Excel la kutumiana kwa barua pepe huku mimi peke yangu nikiwa na ruhusa ya kulihariri. Kisha mtaalamu, ambaye ametutangulia kwa saa tano, akazoea kunitumia maoni ya sauti kwa WeChat asubuhi mimi nikiwa bado nimelala. Nilimwambia kwa heshima kwamba maoni hayajakuwepo mpaka yawe na mstari. Nikawa naandika alichosema, namrudishia, naye akijibu "对", ndiyo, ndipo naliingiza.

Mjadala mrefu zaidi ulihusu daraja A la tatu. Kiingereza kilizungumzia kuutokomeza ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii. Shirika la Afya Duniani lina maana maalumu kwa kauli hiyo: maambukizi makali yawe chini ya asilimia 1, na kwa kichocho cha mkojo maambukizi makali ni kuanzia mayai 50 katika mililita 10 za mkojo. Mfasiri alifupisha kuwa 消除, kutokomeza, na mtaalamu wa kwanza akaliacha. Lakini kiwango cha taifa cha China, GB 15976-2015, kinatumia neno hilo hilo kwa hatua ya mwisho kabisa, inayokuja baada ya kukatiza maambukizi na inayodai miaka mitano bila mgonjwa mpya wa mahali hapo. Msomaji wa Wuxi angesoma kwamba Pemba imelenga, au hata imekaribia, hatua ambayo hakuna aliyedai. Tuliandika kauli nzima kwa urefu wake, tukaongeza maelezo mafupi ya kigezo cha Shirika mara ya kwanza inapotajwa. Mfasiri alilalamika kwamba sentensi imekuwa nzito, na alikuwa na haki, lakini ilikuwa daraja A, na kauli haikuwa yake.

Kinyume chake ni suala la dawa zinazogawiwa kwa watu wote. Mtaalamu wa kwanza alitaka 群体化疗, neno la zamani la fani ya kichocho China. Wa pili alitaka 群体服药, watu kumeza dawa kwa pamoja, kwa hoja kwamba 化疗 kwa msomaji wa leo huleta picha ya tiba ya saratani. Yote mawili yanaeleweka na wanafani. Niliingiza B, wakakubaliana na mfasiri kwa siku moja, na sikumsumbua mwandishi.

Yale mawili ya D yalikwenda Unguja. Moja ni hilo la wagonjwa wapya. La pili lilikuwa kichwa cha jedwali kilichosema mayai kwa mililita 10 huku maandishi chini yake yakisema kwa mililita moja, na mfasiri alikuwa ameyanakili yote mawili kwa uangalifu. Tofauti hiyo si ndogo. Ukisoma kipimo cha 50 kwa mililita moja umeongeza mpaka wa ukali mara kumi. Mwandishi aliuangalia mstari ule kwa muda.

"Hili ni letu," akasema. "Lisibadilishwe kwa Kichina kabla sijaandika kule kwa Kiingereza."

Aliliandikia jarida la kwanza kuomba lichapishe masahihisho. Toleo la Kichina lilisubiri jibu la mhariri, kisha likachukua maneno yaliyosahihishwa pamoja na tanbihi inayowaelekeza wasomaji kwenye masahihisho hayo. Tulipoteza wiki tatu hapo, na sijutii hata siku moja.

Ikabaki idhini ya mwisho. "Mwanangu," Daktari akaniambia, "mie Kichina sijui hata herufi moja. Nisaini nini?"

Swali lake lilikuwa la haki, na fomu nyingi nilizowahi kuziona hazilijibu. Humtaka mwandishi athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, jambo asiloweza kulijua. Tuligawa saini kulingana na kile ambacho kila mtu anaweza kukiona. Mtaalamu wa pili alisaini kwamba istilahi, mbinu na hitimisho katika Kichina vinalingana na Kiingereza, na kwamba maoni yake yote ya A, B na D yamefungwa kwa namna anayoikubali. Mfasiri alisaini lugha. Mwandishi alisaini mambo matatu: maamuzi ya A na D yaliyo kwenye jedwali, tarakimu zote za majedwali ambazo aliziweka kando kwa kando na Kiingereza na kuzitia alama kwa kalamu moja baada ya nyingine, na tafsiri rejeshi, yaani Kichina kilichotafsiriwa tena kurudi Kiingereza, ya ikisiri pamoja na sentensi 14 zilizoguswa na maamuzi hayo. Tafsiri hiyo rejeshi ilifanywa na mtu mwingine ambaye hakuwahi kuiona asilia.

Saini zote zilifungwa kwenye faili moja. Jina la faili halitoshi, maana katika kazi hii niliona mafaili manne yaliyoitwa "la mwisho". Kwenye Windows nilitoa alama ya faili hivi:

```
certutil -hashfile kichocho_zh_v6.docx SHA256
```

Msururu wa herufi na tarakimu uliotoka niliuandika kwenye fomu ya kila mmoja. Mtu akiongeza hata nukta moja baadaye na kuhifadhi, msururu hubadilika, na hivyo inajulikana kwamba faili hilo silo lililosainiwa. Jambo hilo lilitusaidia siku ile ile. Mfasiri, kwa nia njema, alinitumia nakala "iliyosafishwa nafasi mbili za ziada". Nikaikataa, tukaamua kama nafasi hizo zina umuhimu, tukakubali kwamba hazina, na v6 ikaenda jaridani ilivyo.

Miezi miwili baadaye ikarudi rasimu ya uchapaji kutoka jaridani. Faili lilikuwa PDF, kwa hiyo alama yetu haikuwa na kazi tena, na kusoma upya kila kitu kusingewezekana kwa siku mbili tulizopewa. Nilifungua jedwali, nikachukua mistari ya A na D, nikaitafuta mmoja mmoja ndani ya rasimu. Yote ilikuwepo sawasawa. Kisha nikaandika 钉螺 kwenye kisanduku cha kutafutia, neno ambalo halikupaswa kuwepo popote.

Lilikuwepo mara moja, kwenye maneno muhimu chini ya ikisiri. Mhariri wa lugha wa jarida alikuwa amelinganisha maneno muhimu na orodha waliyoizoea. Nilimtumia mtaalamu wa pili picha ya mstari huo saa mbili asubuhi yangu. Saa nne alikuwa ameshajibu kwa maneno mawili, 水泡螺 na 谢谢, akasaini rasimu, na mwandishi akasaini chini yake jioni hiyo.